Tulivyoandika Shukrani kwa Mtunza Stoo

Muhula uliopita Mkuu wa Shule alinipa kazi niliyodhani ni ya dakika kumi. Alitaka niandike tangazo fupi la kumshukuru mtunza stoo wetu, libandikwe ubaoni, na nakala yake itiwe katika faili lake. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu. Napenda kueleza sababu, maana wengi wetu siku moja tutaombwa kumshukuru mwenzetu mbele ya watu.

Nilianza vibaya. Niliandika hivi: "Bwana huyu ni mchapa kazi, mwaminifu, mwenye moyo wa kujitolea, na ni mfano wa kuigwa na wafanyakazi wote." Nikampa mwalimu wa hesabu aisome. Akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Unamsema dereva?" Nikamjibu kwamba namsema mtunza stoo. Akacheka, akasema, "Basi badili jina tu, kesho utampa mlinzi."

Alikuwa na haki. Maneno yanayomfaa kila mtu hayamshukuru mtu yeyote. Tena yale ya mwisho yalikuwa na mwiba ndani yake: kumwita mmoja mfano wa kuigwa na wote ni kuwaambia wengine kwamba wamepungukiwa, nao hawakuulizwa neno.

Lilikuwapo na jambo gumu zaidi. Mtunza stoo ni jirani yangu, na watoto wetu hucheza pamoja. Shule nzima yalijua hilo. Kama ningemsifu kwa tabia yake, watu wangesema nimemsifu rafiki yangu, na nisingekuwa na jibu. Lakini kama ningeandika tendo lenye tarehe, ambalo mtu yeyote aweza kwenda kulihakikisha, urafiki wetu usingeongeza wala kupunguza kitu. Basi nikaichana karatasi ile, nikaenda stoo na daftari tupu.

Nilimwuliza swali moja: "Ni kazi gani uliyoifanya muhula huu, ambayo kama hukuifanya tungepata hasara?" Alifikiri kidogo, akafungua leja na kunionyesha ukurasa wa siku yalipoletwa mahindi. Yaliletwa magunia 60. Leja ilisema: "Yamepokewa 46, yamekataliwa 14, unyevu."

Nilimwomba anieleze alijuaje. Alisema kwamba alichoma kila gunia kwa bambo, akatoa mahindi kidogo kutoka ndani, maana yaliyo juu ya gunia huweza kuwa makavu na ya katikati yakawa mabichi. Mahindi hayo aliyatia katika chupa safi ya kioo, kavu, yenye kifuniko, pamoja na chumvi kavu. Aliitikisa vizuri, akaiacha kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu uliopita asilimia 15 hivi. Isipoganda, yako chini ya hapo. Alitumia chupa sita za jamu, akizifuta na kubadili chumvi kila mara, kwani chupa yenye maji au chumvi iliyovuta unyevu hudanganya. Kazi hiyo ilianza saa tatu asubuhi ikaisha saa saba, na dereva wa lori alikuwa nje akipiga honi.

Nilidhani sasa nimepata habari yangu. Lakini mtu akikueleza kazi yake mwenyewe, umesikia upande mmoja tu. Nikaenda jikoni. Mama mpishi mkuu aliposikia ninachoandika, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Na aliyemwambia kwamba unga wa muhula ule mwingine ulinuka ukungu ni nani? Na chumvi ile aliikausha nani?" Ni yeye aliyenusa, na ni yeye aliyeikausha chumvi kwa kikaango. Nilirudi stoo kuuliza. Mtunza stoo akasema mara moja, "Kweli, ni mama. Nisingefikiria kupima." Hakuwa ameficha, mimi ndiye sikuwa nimeuliza. Kama tangazo langu lingetoka jana yake, lingemnyima mama yule haki yake mbele ya shule nzima, na kila siku angepita mbele ya ubao ule akiusoma.

Jambo la tatu lilikuwa kipimo cha maneno. Nilitamani kuandika kwamba aliokoa maisha ya wanafunzi. Ni kweli kwamba mahindi yaliyowekwa na unyevu huota ukungu, na ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini mwalimu wa kilimo alinizuia. Chupa ya chumvi hupima unyevu, haipimi sumu. Hatujui kama magunia yale 14 yangekuwa na sumu. Zaidi ya hayo, mahindi ya kukaa ghalani kwa muda mrefu hutakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13 hivi, kwa hiyo hata yale 46 yalihitaji kuanikwa tena. Sifa iliyozidi tendo huanguka siku mtu anapouliza, nayo humwangusha pamoja nayo yule uliyetaka kumwinua.

Mwisho niliandika hivi, nikampelekea kwanza mwenyewe na mama mpishi ili waseme kama ni kweli na kama wanakubali lisomwe:

"Siku yalipoletwa mahindi ya muhula huu, mtunza stoo alipima magunia yote 60 kwa chupa na chumvi. Magunia 14 yalikuwa na unyevu uliozidi, akayakataa. Mwenye kuuza aliyachukua, akaleta makavu baada ya siku nane. Mama mpishi mkuu ndiye aliyegundua harufu ya ukungu katika unga wa muhula uliotangulia akatoa habari, na ndiye aliyekausha chumvi ya kupimia. Kupokea chakula ni kazi ya kawaida ya stoo. Kupima kila gunia hakukuwa kawaida, na tangu sasa kutakuwa. Twawashukuru."

Mtunza stoo alifuta neno moja tu. Nilikuwa nimeandika "kwa ujasiri" mbele ya "akayakataa". Alisema hakuwa na ujasiri wowote. Aliogopa sana ile honi.

Likabaki neno la upendeleo. Barua iliyo katika faili huweza kusomwa siku ya kufikiriwa cheo, kwa hiyo wengine wana haki ya kujua njia iliyotumika, na njia hiyo iwe wazi kwao pia. Tulikubaliana na Mkuu wa Shule kwamba mwisho wa kila muhula swali lile lile litaulizwa jikoni, maktaba, maabara, ofisini, na kwa walinzi. Atakayejibu aonyeshe tendo, na mtu wa idara nyingine alihakikishe. Pasipokuwa na tendo, ubao utakaa mtupu muhula huo. Hatutapeana zamu, maana shukrani ya zamu ni sifa tupu iliyopangiwa siku.

Muhula huu mlinzi mmoja ameleta jibu lake, habari ya bomba lililopasuka usiku. Mimi si jirani yake, lakini nimekwisha kwenda kulitazama bomba, na kesho nitamwuliza fundi.