Pointi Sawa, Nafasi Tofauti

Ligi ya wiki katika gemu ya simu imefunguliwa saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu, na itafungwa saa kama hiyo wiki inayofuata. Jumatano, saa mbili usiku, Amina anafikisha pointi 4,850. Ijumaa, saa tatu usiku, Zuhura naye anafikisha 4,850. Zawadi ya nafasi ya kwanza ni moja tu. Nani akae juu?

Wapenzi wa mpira wamezoea kuona timu zenye pointi sawa zikitenganishwa kwa tofauti ya mabao. Gemu nyingi za simu hazina mabao ya kuhesabu. Zina pointi tu, na wachezaji wanaweza kuwa maelfu. Ndiyo maana watengenezaji wengi huchagua kanuni hii: aliyefikisha pointi mapema anakaa juu. Ina haki yake. Amina alipocheza Jumatano hakukuwa na mtu wa kumfukuza. Zuhura alicheza akijua kwamba 4,850 ndiyo namba ya kuishinda, na pointi moja tu ya ziada ingempa nafasi ya kwanza. Hakuipata, kwa hiyo kusawazisha hakutoshi kumng'oa aliyetangulia.

Njia nyingine ni kugawana nafasi. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia waliruka juu mita 2.37 kila mmoja, wakakubaliana kugawana dhahabu. Lakini pale walikuwa wawili, wamesimama mbele ya mwamuzi. Katika gemu yenye zawadi kwa kumi bora, watu arobaini wakilingana katika nafasi ya tisa, kugawana kunavuruga hesabu yote ya zawadi.

Namba moja yenye habari mbili

Kanuni hiyo ni rahisi kuitamka, ila kompyuta haiijui mpaka ifundishwe. Gemu nyingi huhifadhi msimamo wao katika programu iitwayo Redis, ambayo hupanga majina kwa namba na kutoa kumi bora kwa kasi kubwa. Namba zikilingana, Redis haiulizi nani alitangulia. Inapanga kwa herufi za jina, na orodha inaposomwa kuanzia pointi nyingi kwenda chache, herufi nazo zinasomwa kinyume, kutoka Z kwenda A. Zuhura angekaa juu ya Amina kwa sababu ya jina lake tu.

Dawa ni kuuingiza muda ndani ya namba yenyewe. Pointi zinazidishwa kwa 1,000,000, kisha zinajumlishwa na sekunde zilizobaki hadi ligi ifungwe. Wiki nzima ina sekunde 604,800, kwa hiyo muda hauwezi kamwe kufika milioni moja na kuongeza pointi kwa bahati mbaya. Amina alipofikisha 4,850 zilikuwa zimebaki saa 100, yaani sekunde 360,000. Zuhura alipofika zilibaki saa 51, yaani sekunde 183,600. Namba zao zinakuwa hivi:

```
ZADD ligi GT 4850360000 amina
ZADD ligi GT 4850183600 zuhura
ZREVRANGE ligi 0 9
```

Tarakimu za mwanzo, 4850, zinafanana. Zinazofuata ndizo zinazoamua, na aliyewahi ndiye aliyebakiwa na muda mrefu zaidi. Amina anakaa juu. Mchezaji akifungua simu yake, programu inagawanya namba hiyo kwa milioni moja, inatupa masalio, na yeye anaona 4,850 tu.

Tunahesabu muda uliobaki badala ya tarehe kamili kwa sababu Redis hutunza namba hizi kwa usahihi kamili hadi 9,007,199,254,740,992 tu. Baada ya hapo namba jirani huanza kuonekana kama moja. Anayetumia tarehe kamili kwa milisekunde, yenye tarakimu 13, anabakiwa na nafasi ya pointi 900 hivi. Mchezaji akizidi hapo, sehemu ya muda inaanza kupoteza usahihi, na waliokaribiana sana wanarudi kupangwa kwa herufi bila onyo lolote.

Kosa linaloumiza zaidi

Jumamosi saa nne asubuhi Amina anacheza tena na kupata 4,850 ileile. Hajapanda wala hajashuka. Ikiwa programu inafuta kumbukumbu ya zamani na kuandika mpya, muda wake unakuwa wa Jumamosi, baada ya Zuhura, na anateremka nafasi moja kwa kosa la kucheza vizuri mara ya pili. Neno `GT` katika amri zile ndilo linalomlinda: linasema namba mpya ikubaliwe ikiwa ni kubwa kuliko iliyopo. Kwa kuwa zimebaki sekunde 136,800, namba ya Jumamosi ni 4,850,136,800, ndogo kuliko ile ya Jumatano, hivyo inakataliwa.

Mchezaji anaweza kulitambua kosa hili. Pointi zako hazijabadilika, wala mwenzako hajaongeza, lakini umemshuka baada ya kucheza. Piga picha ya skrini kabla na baada ya mchezo, kisha uzitume zote mbili kwa wenye gemu. Picha hizo zitawaonyesha mafundi mahali pa kuanza kutafuta.

Saa ya nani?

Kila simu ina saa, na kila mwenye simu anaweza kuirudisha nyuma. Gemu ikiiamini saa ya simu, mjanja atajipa Jumatatu wakati ni Jumapili. Ndiyo maana saa inayopaswa kuhesabiwa ni ya seva, ile kompyuta kuu inayopokea matokeo ya wote.

Uamuzi huu una gharama. Mtu aliyeishiwa bando, au aliye njiani mahali pasipo na mtandao, anaweza kufikisha pointi saa mbili na matokeo yake yakapokelewa saa tano. Kwa seva, amefika saa tano. Hakuna hesabu inayoweza kuthibitisha kilichotokea kwenye simu iliyokuwa nje ya mtandao, na naona ni haki zaidi kuliandika hilo wazi katika kanuni za ligi: kinachohesabiwa ni muda wa kupokelewa. Anayejua hivyo mapema atahakikisha ana mtandao kabla ya kucheza mchezo wa maana.

Mahali kanuni hii isipofaa

Kuna gemu ambazo kanuni ya kutangulia inazionea haki. Chukua chemshabongo yenye maswali 20, ambapo mamia ya watu wanaweza kupata yote. Pointi haziwezi kupita 20, kwa hiyo anayefuata hana namna ya kumzidi aliyetangulia. Hata akijibu bila kosa, amechelewa. Ushindi unakwenda kwa aliyekuwa macho saa sita usiku maswali yalipofunguliwa, na muuguzi wa zamu au mwanafunzi aliyelala hana lake. Hapo kinachostahili kupimwa ni muda ambao kila mmoja alitumia kujibu, tangu seva ilipompa swali la kwanza hadi ilipopokea jibu la mwisho, awe amecheza usiku au mchana.

Kipimo basi ni hiki: je, anayekuja nyuma bado ana nafasi ya kupata pointi moja zaidi? Kama anayo, aliyetangulia anastahili kukaa juu. Kama hana, kanuni hiyo inampa zawadi mtu aliyefungua simu mapema, na wenye gemu wanapaswa kuibadilisha kabla ligi haijaanza.