«Tu» au «vous»: barua pepe ya kwanza kwenye ofisi ya Wafaransa

Anayeanza kazi kwenye ofisi ya Wafaransa hukwama mapema, hata kabla hajafika kwenye shida iliyomfanya aandike. Lazima achague: amwite mwenzake «tu», neno la ndugu, rafiki na mtoto, au «vous», neno la mkubwa na la mtu asiyemzoea. Kukwepa ni kugumu, kwa sababu uchaguzi huo hujitokeza kwenye kitenzi, kwenye kimilikishi, hata kwenye «tafadhali».

Tuseme mhasibu kutoka Arusha ameajiriwa na kampuni ya usafirishaji mjini Lyon. Wiki ya kwanza ana barua pepe tatu za kuandika: kwa mkurugenzi wa fedha, kwa mhasibu mwenzake, na kwa kijana wa mafunzo kazini atakayekuwa chini yake.

Kwa mkurugenzi hakuna la kuwaza sana. Anaanza na «Bonjour Madame», anauliza «Pourriez-vous m'envoyer le budget ?», anamaliza na «Cordialement». Kinachowachanganya wageni ni jibu, pale mkurugenzi anapowasalimu kwa jina la kwanza na kutia sahihi kwa jina lake la kwanza pia. Wengi hudhani mlango wa «tu» umefunguliwa. Haujafunguliwa. Ufaransa ni kawaida kabisa kuitana kwa jina la kwanza na bado kuambiana «vous», miaka na miaka. Kwa hiyo asiangalie salamu, aangalie kitenzi. Kama mkurugenzi kaandika «vous pouvez», basi ni «vous». Kama kaandika «tu peux», hapo kuna jambo jipya.

Kwa mhasibu mwenzake mambo hutegemea nyumba aliyoingia. Kampuni changa za teknolojia huambiana «tu» kuanzia mkurugenzi mkuu hadi aliyeajiriwa jana. Benki, ofisi za mawakili na idara za serikali hushikilia zaidi «vous», ingawa hata huko watu wa cheo kimoja huzoeana haraka. Dalili hupatikana kwenye barua zenyewe. Karibu kila mgeni hutumiwa mazungumzo ya zamani ili ajue kazi ilipofikia. Ayasome hadi chini, aone wenzake wa meza moja wanavyoandikiana. Akikuta «ton fichier» na «Salut», aandike «tu» bila woga. Asipokuta kitu, aanze na «vous» asubiri jibu. Kutoka «vous» kwenda «tu» ni hatua ndogo, huchukua sentensi moja. Kurudi nyuma ndiko kubaya: anayeambiwa «vous» leo na mtu aliyemwambia «tu» jana ataelewa kwamba amemkosea.

Barua ya tatu ndiyo ninayoona inaharibiwa zaidi. Kijana ni mdogo kwa umri na kwa cheo, hivyo «tu» hutoka yenyewe. Lakini yeye atajibu kwa «vous», kwa kuwa si yeye wa kufungua mlango. Hapo «tu» inashuka tu, haipandi, na Wafaransa wengi husoma humo dharau. Namshauri mhasibu wetu aanze na «vous», au aandike waziwazi, «On peut se tutoyer ?», na akishakubaliwa, aambiwe «tu» naye pia.

Kosa linaloonekana haraka ni kuchanganya, mfano «Peux-tu m'envoyer votre fichier, s'il vous plaît ?». Mara nyingi hutokana na kunakili sentensi ya barua ya jana. Kabla ya kutuma, apitie vitenzi vinavyoishia na -ez, «votre» na «vos», «s'il vous plaît», na «Bien à vous» ya mwisho. Ila asisahau kwamba «vous» ni ya watu wengi pia: «votre fichier» huweza kuwa faili la idara nzima, na hilo ni sahihi hata kwa rafiki. Ndiyo maana barua inayokwenda kwa watu kadhaa haina tatizo hili, wakubwa na wadogo wote wanaenea ndani ya «vous» moja.

Aliyekulia Lubumbashi au Bujumbura, alikozoea «Monsieur le Directeur», akihamia Montreal atashangaa zaidi, maana Wakebeki huingia kwenye «tu» mapema kuliko Wafaransa.

Siku mkurugenzi wa Lyon akiandika «On se tutoie ?», jibu ni «Avec plaisir», na sentensi inayofuata iwe na «tu» ndani yake. Akijibu hivyo kisha akaendelea na «vous», itaonekana amekataa. Kama ulimi unagoma, inaruhusiwa kusema, «J'ai encore un peu de mal à vous tutoyer», na bosi mwenye busara atampa muda.