Jumatano, Saa Kumi na Mbili Jioni

Msiba ukitokea Nuu, kule Mwingi upande wa Kitui, kikundi huketi jioni ya kwanza na kila mwanachama hutaja ahadi yake. Ahadi ni neno tu, na mochari haipokei neno. Ndiyo maana siku tano sita kabla ya mazishi mwenyekiti huandika ukumbusho, na ndani yake jambo zito kuliko yote ni siku ya mwisho.

Siku hiyo haichaguliwi kwa kubahatisha. Huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka kaburini. Tuchukue kikundi cha watu 40, kila mmoja ameahidi shilingi 1,000, na maziko ni Jumamosi. Mwili lazima ulale nyumbani Ijumaa, kwa hiyo gari liondoke mochari Ijumaa asubuhi. Mwili hautolewi bili isipolipwa, kwa hiyo bili ilipwe Alhamisi. Mweka hazina anahitaji usiku mmoja wa kujumlisha na kulinganisha majina. Basi mwisho wa kupokea ni Jumatano jioni. Mwenyekiti akisema “kabla ya mazishi” pasipo kutaja siku, fedha nyingi zitaingia Ijumaa usiku, na hapo familia imeshakopa kwingine. Mazishi yakisogezwa, mochari inaendelea kuhesabu siku.

Kuna hesabu nyingine ambayo mgeni haioni. Wengi walioahidi ni wakulima wa pojo na wafugaji wa mbuzi. Fedha zao zimesimama zizini, na hazigeuki noti mpaka siku ya soko. Mwenyekiti mwenye busara huhakikisha siku moja ya soko imeangukia kati ya ukumbusho na mwisho. Akifunga siku moja kabla ya soko, amemfunga mama mwenye kuku watatu wa kuuza, na huyo mama hakuwa na nia yoyote ya kukwepa.

Ukumbusho wenyewe hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, na huwa mfupi. Unaofaa kwa kikundi chetu cha mfano ungesomeka hivi:

“Wapendwa, shukrani kwa mliotuma. Kufikia leo Jumapili jioni tumepokea shilingi 26,000 kati ya 40,000 zilizoahidiwa. Bili ya mochari italipwa Alhamisi na mwili kuchukuliwa Ijumaa asubuhi. Mwisho wa kupokea ahadi ni Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Tuma kwa mweka hazina, kisha weka ujumbe wa M-Pesa hapa ili jina lako litiwe alama. Muvea.”

Tazama kwamba hakuna jina la aliyebaki nyuma. Wale 14 wanajijua, na wafiwa pia wamo katika kundi hilo la WhatsApp. Mimi naona kumtaja mtu mbele ya wafiwa ni kosa kubwa kuliko kuchelewesha shilingi 1,000. Anayehitaji kuulizwa apigiwe simu, na aanze kuulizwa hali ya nyumbani kabla ya fedha. Mara nyingi jibu hutoka hapo: mtoto amelazwa, au vibarua vimekatika. Mwenyekiti akiambiwa mapema anaweza kuipunguza ile ahadi, na familia ikajua kiasi halisi itakachopata.

Kabla ya M-Pesa kuanza 2007, mchango wa aliye Mombasa ulipanda basi mkononi mwa jirani. Sasa unafika kwa dakika, lakini orodha imekuwa na ugonjwa wake. Watu huinakili orodha, huongeza jina lao chini, kisha huirudisha kwenye kundi. Wawili wakiinakili kwa wakati mmoja, orodha inayorudi mwisho humeza jina la yule wa kwanza. Dalili yake ni rahisi kuiona: jumla ya majina haifikii fedha zilizo kwenye simu ya mweka hazina. Dawa ni mtu mmoja tu aandike orodha, naye aifuate namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, maana simu iliyotumia huenda ni ya shemeji.

Wakamba walikuwa na mwethya tangu zamani, watu wakikusanyika kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Katika mwethya aliyekosa alionekana, kwa kuwa jembe lake halikuwepo. Fedha za simu hazionekani hivyo, kwa hiyo kitabu cha mweka hazina ndicho kimeshika nafasi ya shamba.

Jumatano saa kumi na mbili ikifika, mweka hazina hupiga mstari chini ya jina la mwisho na kutuma jumla kwa familia usiku uleule. Fedha zinazoingia Alhamisi hazirudishwi. Huandikwa ukurasa mwingine na kupelekwa baada ya maziko, wakati hema halijalipiwa na waliokuja wameshaondoka.