Simu Inapokataa Kusoma Msimbo wa QR Kwenye Kibali Chako

Kaunti kadhaa nchini, Nairobi ikiwemo, huchapisha vibali vya biashara vikiwa na msimbo wa QR, yaani ule mraba wenye vidoti vyeusi na vyeupe kwenye karatasi. Risiti za eTIMS za Mamlaka ya Ushuru, KRA, pia zinao. Afisa wa ukaguzi akifika dukani huelekeza simu yake kwenye msimbo huo, na mteja anayetaka kuhakikisha risiti yake ni halali hufanya vivyo hivyo.

Tatizo hutokea simu inapokaa kimya. Afisa anaanza kushuku kwamba kibali ni bandia, mwenye duka anaanza kujitetea, na foleni ya wateja inasimama. Ni vyema pande zote mbili zielewe jambo moja: msimbo usiosomeka si ushahidi wa kughushi. Mara nyingi karatasi haina kasoro na simu ni nzima, ila umbali, mwanga au mpangilio wa kamera ndio haujakaa sawa.

Namna ya kujua kosa liko wapi ni kutazama kioo cha simu kabla ya kuisogeza huku na huku. Ikiwa picha ya msimbo ina ukungu, shida ni umbali au lenzi. Ikiwa picha ni kali lakini sehemu yake imefunikwa na doa jeupe au giza, shida ni mwanga. Ikiwa msimbo unaonekana vizuri kabisa na bado hakuna kinachotokea, angalia mipangilio ya kamera. Na ikiwa anwani ya tovuti imejitokeza lakini ukurasa haufunguki, kamera imekwishamaliza kazi yake na tatizo ni la mtandao.

Picha yenye ukungu: rudi nyuma

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi sokoni. Kibali kimepigwa laminesheni na kutundikwa ukutani nyuma ya kaunta. Msimbo wake una upana wa sentimita 2. Ukiwa umebeba anwani ya tovuti ya herufi kama 60, unaweza kuwa na safu 33 za vidoti kwa upana na 33 kwa urefu. Gawanya sentimita 2 kwa 33, utapata kwamba kila kidoti kina upana wa takriban milimita 0.6. Picha ikiwa na ukungu hata kidogo, kidoti cheusi humwagikia kile cheupe kilicho jirani, na simu hushindwa kujua kipi ni kipi.

Anayeona simu haisomi kwa kawaida huisogeza karibu zaidi, mpaka inakaribia kugusa karatasi. Hapo ndipo mambo huharibika. Kila lenzi ina umbali wa chini kabisa ambao ikiupita haiwezi kutoa picha kali, sawa na jicho lako unapoleta gazeti karibu sana na pua. Kwa simu nyingi, kamera kuu ya nyuma huhitaji angalau sentimita 10 hivi. Baadhi ya simu mpya za bei ghali huhitaji zaidi, hata sentimita 20, kwa sababu kamera zao ni kubwa. Nazo baadhi ya simu za bei nafuu zina lenzi isiyojirekebisha kabisa, ambayo huona vizuri vitu vilivyo mbali kidogo tu.

Kanuni rahisi ya kukumbuka ni mara kumi: shika simu kwa umbali wa takriban mara 10 ya upana wa msimbo. Kwa msimbo wetu wa sentimita 2, anzia sentimita 20, ambazo ni karibu upana wa karatasi ya kawaida ya A4. Kisha gusa msimbo kwenye kioo kwa kidole ili kamera ijue mahali pa kutazama, na utulize mkono kwa sekunde mbili au tatu.

Kama kwa umbali huo picha bado ina ukungu, rudi nyuma zaidi, kama sentimita 30 au 40, kisha uikuze picha kwa kutanua vidole viwili juu ya kioo mpaka msimbo uonekane mkubwa. Kwa njia hiyo lenzi inabaki katika umbali inaoumudu, na msimbo unajaza nafasi ya kutosha kwenye picha.

Kabla ya yote hayo, pangusa lenzi kwa kitambaa laini na kikavu. Mafuta ya vidole au vumbi la simiti kwenye kioo cha lenzi huleta ukungu ambao hauondoki hata usogee wapi. Chunguza pia kava ya simu, maana kava iliyolegea inaweza kuziba ukingo wa lenzi.

Mwanga: acha kuwasha tochi moja kwa moja

Sasa picha ni kali, lakini katikati ya msimbo pana doa jeupe. Huo ni mng'aro wa plastiki ya laminesheni, ambayo huakisi mwanga wa dirisha au wa taa ya dari kama kioo. Vidoti vilivyo chini ya doa hilo havionekani kabisa. Kuwasha tochi ya simu huzidisha tatizo, kwa sababu tochi iko kando ya lenzi na mwanga wake unarudi papo hapo kwenye kamera.

Badala yake, inamisha simu kidogo au sogea hatua moja pembeni mpaka doa lihame kutoka kwenye msimbo. Msimbo husomeka hata ukitazamwa kwa upande kiasi, hivyo si lazima usimame mbele yake. Ukiweza kushusha kibali ukutani, kilaze mezani na ukizuie mwanga kwa kivuli cha mwili wako.

Duka likiwa na giza, hali ni tofauti. Kamera hulazimika kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha, na mtikisiko mdogo wa mkono unatosha kuleta ukungu. Peleka kibali karibu na mlango, au mwombe mtu mwingine amulike kwa tochi ya simu yake kutoka pembeni. Na ikiwa kibali kimetundikwa kando ya dirisha lenye jua kali, kamera hujirekebisha kwa ajili ya jua na kuufanya msimbo uwe mweusi wote. Kugusa msimbo kwenye kioo huiambia kamera ipime mwanga wa hapo.

Picha safi lakini simu iko kimya

Umbali ni sawa, mwanga ni sawa, vidoti vyote vinaonekana, lakini simu haileti anwani yoyote. Hapa hakikisha kwanza kwamba kamera iko kwenye hali ya picha ya kawaida, maana simu nyingi hazisomi msimbo zikiwa kwenye video au hali nyingine maalumu. Kisha angalia kama kazi ya kuskani imewashwa.

Kwa simu ya iPhone, fungua `Settings`, kisha `Camera`, na uwashe `Scan QR Codes`. Kazi hii ilikuja na iOS 11 mwaka 2017, kwa hiyo simu iliyo na toleo la zamani kuliko hilo haiwezi kuskani kwa kamera yake. Kwa simu za Samsung, fungua kamera, gusa alama ya gia, na uwashe `Scan QR codes`. Katika simu nyingine za Android, hasa zenye Android 13 au zaidi, telezesha kidole kutoka juu ya kioo kwenda chini mara mbili na utafute kitufe chenye maneno `QR code`. Kikikosekana, gusa alama ya penseli ili kukiongeza kwenye orodha hiyo. Simu ambayo haina kitufe hicho bado inaweza kutumia Google Lens, ambayo ni ile alama ya kamera kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google.

Kwa hiyo si lazima kupakua programu ya kuskani. Programu nyingi za bure za aina hiyo zimejaa matangazo, na nyingine huomba ruhusa zisizohusiana na kazi yake, kama vile kusoma namba za watu ulizohifadhi.

Kibali kikikufikia kama picha kwenye simu yako mwenyewe, huhitaji simu ya pili. Ifungue picha hiyo ndani ya Google Photos na uguse alama ya `Lens`.

Karatasi nayo ina sehemu yake

Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave ya Japani, ambako ulitumika kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Kwa sababu hiyo ulitengenezwa kuvumilia uchafu. Kulingana na kiwango kilichochaguliwa wakati wa kuuchapisha, unaweza kusomeka hata baada ya kupoteza kati ya asilimia 7 na asilimia 30 ya taarifa zake.

Hata hivyo, uvumilivu huo una mipaka. Miraba mitatu mikubwa iliyo kwenye pembe ndiyo inayoiambia simu kwamba hapa pana msimbo. Mhuri au pini ikiuharibu mmoja, simu inaweza kupita bila kuona chochote. Ukingo mweupe unaouzunguka msimbo pia ni sehemu yake, na unapaswa kuwa na upana wa angalau vidoti vinne. Kwa kibali cha mfano wetu hiyo ni takriban milimita 2.4, kiasi ambacho fremu ya picha huweza kukifunika kwa urahisi. Usikate karatasi ili itoshe kwenye fremu, na usitundike nakala ya nakala, kwani kila unaponakili vidoti huungana.

Kabla ya kufungua anwani

Msimbo ukisomeka, simu huonyesha anwani kabla ya kuifungua. Isome. Tovuti za serikali nchini huishia na `.go.ke`, na uthibitisho wa risiti ya eTIMS huelekea kwenye anwani ya `kra.go.ke`. Ukiona anwani tofauti, au kibandiko kilichobandikwa juu ya msimbo wa awali, usiifungue na usiingize namba ya siri. Anwani ikiwa sahihi lakini ukurasa haufunguki, angalia bando na nguvu ya mtandao kabla ya kuilaumu karatasi.

Na ikiwa umejaribu hatua zote hizi bila mafanikio, jaribu kwa simu nyingine. Simu mbili au tatu zikishindwa mahali penye mwanga mzuri, huenda msimbo wenyewe umeharibika. Hapo tumia namba iliyoandikwa kwenye kibali kuthibitisha katika ofisi iliyokitoa, na uombe kichapishwe upya. Mwenye duka atakuwa amefanya vyema akiweka namba hiyo na risiti ya malipo mahali pa kufikika kwa haraka, ili ukaguzi uendelee hata siku ambayo simu imegoma.