Uso Unaowaka kwa Glasi Moja ya Bia

Jioni, katika vilabu vidogo vya Tokyo, mkubwa wa ofisi huwamiminia vijana wake bia, na kijana anayekataa huonekana hana adabu. Kaa pembeni uwatazame. Haitapita nusu saa utawaona wawili watatu mashavu yamewaiva, wekundu umeshuka shingoni na kupanda hadi masikioni. Moyo unawadunda, kichwa kinaanza kugonga, na wengine tumbo linawachafuka. Hawajalewa. Wamekunywa sawa na wenzao waliokaa nao meza moja, pengine hata kidogo kuliko wao, na wenzao hao uso ni uleule walioingia nao.

Huko Japani, China na Korea, yapata mtu mmoja kati ya watatu yuko hivi. Wenyewe huona ni aibu ndogo ya kuchekwa mezani. Lakini rangi hiyo inaeleza jambo linalotokea ndani ya ini, na jambo lenyewe halichekeshi.

Watu wa pwani wanajua kwamba tembo la mnazi likiachwa siku kadhaa hugeuka siki. Vijidudu vilivyomo hukishika kilevi na kukibadilisha kwa hatua mbili: kwanza kinakuwa asetaldehidi, kisha asidi ya siki. Ini la binadamu hupita njia hiyohiyo. Kimeng'enya cha kwanza kinainyang'anya pombe hidrojeni, nayo inageuka asetaldehidi. Kimeng'enya cha pili, ambacho wataalamu hukiita ALDH2, kinaipokea asetaldehidi ndani ya mitokondria, vile vijumba vya nishati vilivyomo katika seli, na kuigeuza asetati. Hii asetati ni siki tu kwa jina lingine, na mwili huitumia kama chakula.

Shida yote iko katikati ya hatua hizo mbili. Asetaldehidi ni sumu. Hujishikiza kwenye protini na kwenye DNA, na huzichokoza seli fulani za kinga zimwage histamini, kemikali ileile inayomvimbisha aliyeumwa na nyuki. Mishipa midogo ya damu usoni hutanuka, damu hujaa chini ya ngozi, moyo hukimbia. Kwa watu wengi haya hayatokei kwa sababu kimeng'enya cha pili kina kasi kubwa: asetaldehidi ikizaliwa tu, inamalizwa. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe. Ini la mtu mzima humaliza kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo kazi hiyo ni ya saa mbili au tatu. Muda wote huo asetaldehidi inapita bila kukaa.

Sasa mchukue yule kijana wa Tokyo. Jeni yake ya ALDH2 imebadilika mahali pamoja tu. Katika mnyororo wa zaidi ya viungo 500 unaojenga kimeng'enya, kiungo kimoja cha glutamati kimeondoka na nafasi yake imekaliwa na lisini. Glutamati ina chaji hasi, lisini ina chaji chanya, na badiliko hilo dogo linaharibu umbo la mahali ambapo kimeng'enya hukishika kisaidizi chake, NAD. Bila kisaidizi hicho, hakuna kazi.

Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Tuseme kijana huyu amepata nakala nzima kwa baba na mbovu kwa mama. Mtu angedhani basi amebakiwa na nusu ya nguvu. Hapana. ALDH2 hufanya kazi kama kitanda: vipande vinne huungana ndipo kinasimama, na mguu mmoja ukiwa mbovu kitanda kizima kinayumba. Seli zake zinatengeneza vipande vizima na vibovu kwa wingi sawa, kisha zinaviokota bila kuchagua. Uwezekano wa kuokota vinne vyote vizima ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani 1 kati ya 16. Vitanda vilivyochanganyika hubaki na nguvu kidogo, lakini navyo huvunjwa na seli mapema kuliko vizima. Ndiyo maana mtu mwenye nakala moja tu mbovu yuko karibu zaidi na asiye na kitu kuliko na mzima.

Hali hii inaweza kutengenezwa kwa dawa pia, kwa mtu wa asili yoyote. Katika miaka ya 1940 huko Copenhagen, Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakichunguza disulfiramu kama dawa ya minyoo. Waliimeza wenyewe, kisha kila wakigusa pombe waliugua: uso moto, moyo mbio, kichefuchefu. Dawa ilikuwa imekifunga kimeng'enya cha pili. Mpaka leo hupewa watu wanaotaka kuacha ulevi, ili glasi moja iwe adhabu.

Aliyerithi nakala mbili mbovu amezaliwa na adhabu hiyo mwilini, na kwa kawaida hanywi, hawezi. Wa kuogopewa ni yule wa nakala moja. Yeye anaumia lakini anavumilia, na baada ya mwaka mmoja au miwili ya kuvumilia, wekundu unaweza kupungua. Wengine humeza dawa za kuzuia histamini kabla ya karamu ili uso utulie. Histamini inazibwa, asetaldehidi inabaki palepale, ikiendelea kuikwaruza DNA ya koo. Wanywaji wa namna hii wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya umio, lile bomba la chakula, kuliko wanywaji wenzao wa kiasi kilekile.

Na wanaongezeka. Susumu Higuchi na wenzake walipima jeni za Wajapani waliokuwa wagonjwa wa ulevi. Wenye nakala moja mbovu walikuwa asilimia 2.5 mwaka 1979, asilimia 8 mwaka 1986, na asilimia 13 mwaka 1992. Jeni hazibadiliki kwa miaka 13. Kilichobadilika ni meza: nani anamimina, na ni aibu kiasi gani kukataa.

Kwetu Afrika Mashariki nakala hii ni adimu mno. Saratani ya umio tunayo, tena nyingi, lakini haiwezi kuelezwa kwa jeni hii. Atakayewaka uso kwa pombe huku kwetu atafute kwanza kwenye dawa anazomeza.

Madaktari wa Japani hawahitaji kipimo cha jeni kumtambua kijana wetu. Humuuliza maswali mawili. Je, ukinywa glasi ndogo ya bia, kama mililita 180, uso unakuwa mwekundu mara moja? Na je, ulikuwa hivyo katika mwaka wa kwanza au wa pili tangu uanze kunywa? Swali la pili ndilo linalowanasa wengi, waliokwisha kusahau kwamba waliwahi kuwaka. Anayejibu ndiyo na bado ni mnywaji hupitishiwa mpira wa kamera kooni, kisha umio hunyunyiziwa maji ya ayodini. Ngozi nzima ya ndani hugeuka kahawia. Mahali palipoanza kuharibika hapashiki rangi.