Ramani yangu ilipoimeza Mtwapa

Chukua ramani yoyote ya karatasi, ile ya ukutani darasani au ya mtalii iliyokunjwa mara nane. Umewahi kujiuliza ni nani aliamua neno "Kilifi" likae pale lilipokaa? Mimi sikuwahi, hadi nilipochapisha nakala 300 za ramani ya Pwani na mteja akaniuliza swali moja: "Mtwapa iko wapi?"

Nukta ilikuwepo. Jina halikuwepo. Na mteja mwenyewe, manze, anaishi Mtwapa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuielezea. Ramani ya kuwapa wageni, kutoka Shimoni hadi Malindi, kwenye karatasi ya A3. Ukipima kusini hadi kaskazini hapo ni kama kilomita 160. Kwa kipimo cha 1:500,000, kilomita moja inakuwa milimita 2, kwa hivyo pwani yote inachukua sentimita 32. A3 ina urefu wa 42. Nafasi tele, nikajiambia.

Sasa shuka nami hadi Mombasa uone shida inapoanzia. Kisiwa, pale kinapopanuka zaidi, ni kama kilomita 5, yaani sentimita moja kwenye karatasi. Lakini neno "Mombasa" kwa herufi nzito za pointi 11 lina upana wa karibu sentimita 1.7. Jina ni kubwa kuliko kisiwa! Halafu kuna Likoni, Nyali, Kongowea, Changamwe na Mikindani, zote zikitaka kuandikwa mahali unapoweza kufunika kwa kidole gumba. Ardhi unaweza kuipunguza upendavyo ili itoshee karatasi, lakini herufi hazipungui, kwa sababu jicho la msomaji halibadiliki.

Mimi niliiachia programu iamue. Natumia QGIS, ambayo ni ya bure, na inapanga majina yenyewe. Kuna hesabu hapa inayofaa uijue. Tuseme kila nukta ina sehemu nne tu ambapo jina linaweza kukaa: juu kulia, chini kulia, juu kushoto, chini kushoto. Ukiwa na nukta 20, mipangilio inayowezekana inapita trilioni moja. Hakuna programu inayojaribu yote. Inakisia mpangilio mzuri, inabadilisha hapa na pale, na jina likikosa nafasi, inaliacha nje. Haikuambii. Hakuna kengele wala maandishi mekundu. Jina linapotea tu, na ramani inaonekana safi kabisa, pengine safi kuliko ingekuwa na jina hilo.

Ni nini kilichoimeza Mtwapa? Nilipofungua faili usiku huo nilimpata mwizi: "Jumba la Mtwana". Hayo ni magofu ya mji wa kale, yako ufuoni karibu sana na Mtwapa, milimita chache tu kwenye ramani yangu. Jina lake ni refu, zaidi ya sentimita 2 kwa herufi za pointi 8. Nilikuwa nimeweka miji na magofu katika daraja moja la umuhimu, kwa hivyo programu haikuona tofauti kati ya mji wenye maelfu ya watu na kuta za mawe. Jumba lilipata nafasi, Shanzu ikajipenyeza kwa chini, Mtwapa ikabaki bila jina.

Na ningeligundua mapema, kama ningejua pa kuangalia. QGIS ina kitufe kinachoitwa `Toggles Display of Unplaced Labels`. Ukikibonyeza, majina yaliyoachwa nje yanajitokeza kwa rangi nyekundu. Njia ya kizamani pia inafanya kazi: hesabu. Jedwali langu lilikuwa na majina 24, karatasi ilikuwa na 23. Dakika mbili za kuhesabu zingeniokolea nakala 300, ambazo nililipia mwenyewe.

Kwa mara ya pili nilipanga kwa mkono, nikifuata kanuni za mzee mmoja wa Uswisi, Eduard Imhof, aliyeandika mwaka 1962 makala kuhusu kupanga majina kwenye ramani. Moja ya kanuni zake ni kama iliandikwa kwa ajili ya Pwani yetu: mji ulio ufuoni, jina lake liweke baharini. Ulio bara, jina libaki bara. Hebu fikiria faida yake. Bahari ni tupu, kwa hivyo jina halikanyagi barabara wala mto. Isitoshe, msomaji anajua bila kuambiwa kwamba Diani iko ufuoni, na Ukunda, ambayo jina lake liko upande wa kushoto, imerudi ndani kidogo.

Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hivyo bahari iko kulia, na kulia ndiko jina linakokaa vizuri zaidi. Tunasoma kutoka kushoto, jicho linatoka kwenye nukta na kuingia moja kwa moja kwenye neno. Ikiwezekana liinue kidogo juu ya nukta, kwa sababu herufi zetu chache ndizo huning'inia chini ya mstari. "Malindi" na "Kilifi" hazina hata moja. "Mtwapa" ina p moja.

Nilianza na majina makubwa. Mombasa nikaitupa baharini kwanza, Nyali ikakaa juu yake, Likoni chini. Changamwe na Mikindani zikaenda kushoto. Kongowea haikupata mahali, nami sikutaka kuibana. Nikachora ramani ndogo ya Mombasa peke yake kwa kipimo cha 1:150,000, nikaiweka baharini chini kulia, ambako hakukuwa na kitu. Huko Kongowea inapumua. Jumba la Mtwana likaenda baharini kwa sababu liko ufuoni, na Mtwapa ikaandikwa upande wa bara. Baada ya mahangaiko yote, jibu lilikuwa kuisogeza kushoto tu.

Kuna mitego miwili iliyobaki. Wa kwanza ni ule ukingo mweupe watu wanaouzungushia herufi ili zisomeke. Juu ya bahari ya samawati unaonekana kama plasta iliyobandikwa. Upe rangi ya kilicho chini yake, na uwe mwembamba. Wa pili ni printa. Duka la kuchapa likikupunguzia A3 iwe A4 "ili uone kwanza", herufi za pointi 8 zinashuka chini ya 6, na hapo utahukumu ramani isiyo yako. Chapisha kwa ukubwa wake halisi, hata kama ni nyeusi na nyeupe.

Kisha mpe mtu asiyejua Pwani. Nilimpa jirani yangu ambaye hajawahi kupita Voi. Usimuulize kama inapendeza, atakwambia inapendeza. Mwambie: "Nionyeshe nukta ya Shanzu." Alichukua sekunde moja. "Ya Bamburi?" Hapo alisita, kidole kikaning'inia kati ya nukta mbili. Nikasogeza jina milimita moja na nusu karibu na nukta yake, nikachapisha tena, nikamrudia.

Nakala mpya nilizipeleka Mtwapa mwenyewe. Mteja hakusalimia vizuri. Alifungua moja, akaenda moja kwa moja kaskazini mwa Mombasa, akaweka kidole, kisha akaniuliza kwa nini Kikambala imeandikwa kwa herufi sawa na Mtwapa.