Kosa Lililojificha Katikati ya Orodha

Mwezi Juni 2006, Joshua Bloch, mhandisi wa programu aliyekuwa Google wakati huo, aliwatangazia wenzake habari ya kushtua. Msimbo wa kutafuta alioundika mwenyewe kwa ajili ya maktaba ya lugha ya Java ulikuwa na kosa, nalo lilikuwa limekaa humo kwa takriban miaka tisa. Kosa lilo hilo lilikuwamo pia katika kitabu cha Jon Bentley, *Programming Pearls*, cha mwaka 1986, ambamo mwandishi alikuwa ameuthibitisha msimbo wake hatua kwa hatua kuwa ni sahihi. Lilikuwa katika mstari mmoja mfupi.

Tuanze na kazi yenyewe. Tuna orodha ya namba saba zilizopangwa kutoka ndogo hadi kubwa: 12, 19, 27, 34, 48, 56, 71. Kompyuta huhesabu nafasi kuanzia 0, kwa hiyo 12 iko nafasi ya 0 na 71 iko nafasi ya 6. Tunaitafuta 71. Badala ya kupitia namba moja moja, tunaweka alama mbili, chini ikiwa 0 na juu ikiwa 6, kisha tunatazama katikati, nafasi ya 3. Pale pana 34, ambayo ni ndogo mno. Kwa kuwa orodha imepangwa, 71 haiwezi kuwa upande wa kushoto, basi nusu hiyo tunaitupa na chini inahamia 4. Katikati mpya ni 5, penye 56. Bado ni ndogo, kwa hiyo chini inakuwa 6. Sasa alama zote mbili ziko nafasi ya 6, na namba iliyopo hapo ni 71. Tumeipata kwa kutazama mara tatu. Kwa njia hii, orodha ya namba milioni moja haihitaji kutazamwa zaidi ya mara 20.

Hatari ya kwanza iko mipakani. Tuseme mwandishi wa programu ameamuru kazi iendelee maadamu chini ni ndogo kuliko juu. Katika mfano wetu, chini na juu zikifika 6 kazi itakoma, na kompyuta itajibu kwamba 71 haimo, ilhali imo na haijatazamwa. Amri sahihi ni kuendelea maadamu chini ni ndogo kuliko juu au zinalingana.

Tuseme tena ameandika kwamba chini ihamie katikati, badala ya katikati kuongeza moja. Chini itafika 5 na juu itabaki 6. Nusu ya 11 ni 5 na kitu, na kompyuta hukata baki, kwa hiyo katikati ni 5. Chini inahamia 5, yaani haikusogea, na programu itazunguka hapo bila kikomo. Makosa haya ya kupishana kwa moja hugundulika mapema ukijaribu orodha tupu, yenye namba moja na yenye mbili, ukatafuta namba ya kwanza, ya mwisho na isiyokuwamo.

Kosa la Bloch lilipita majaribio ya namna hiyo yote. Tukitumia majina ya alama zetu, mstari wenyewe ni huu:

```java
int kati = (chini + juu) / 2;
```

Kwenye karatasi hauna dosari. Lakini katika Java, namba ya aina ya `int` ina biti 32 na haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Chini ikiwa 1,100,000,000 na juu 1,500,000,000, kila moja inaenea vizuri, ila jumla yao, 2,600,000,000, haienei. Kompyuta inaihesabu kuwa -1,694,967,296, na nusu yake ni -847,483,648. Nafasi hasi haipo katika orodha, basi Java inasimamisha programu. Katika lugha ya C, programu inaweza kusoma kumbukumbu isiyo yake na matokeo yasitabirike.

Ili jumla ifurike, orodha sharti izidi takriban namba bilioni moja. Bentley alipoandika kitabu chake, orodha za ukubwa huo hazikuwa jambo la kawaida, ndiyo maana kosa lilisubiri hadi data ilipokua. Dawa yake ni kupima kwanza umbali kati ya alama mbili, kisha kuongeza nusu yake kwenye chini:

```java
int kati = chini + (juu - chini) / 2;
```

Kwa namba zetu, umbali ni 400,000,000, nusu yake 200,000,000, na katikati ni 1,300,000,000. Hakuna hatua inayovuka kikomo.

Uthibitisho wa Bentley ulichukulia namba za hisabati, ambazo hazina mwisho, ilhali za mashine zina mwisho. Basi wewe unayeandika programu, kila unapojumlisha nafasi mbili, uliza kwanza kama jumla yao itaenea.